Pembetatu Ambayo Jumla Yake Haibadiliki

Chora pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Weka nukta ndani yake, popote unapopenda. Pima umbali kutoka kwenye nukta hiyo hadi kila upande, kisha jumlisha vipimo vyote vitatu. Sasa ifute, weka nukta nyingine mbali kabisa na ile ya kwanza, upime na kujumlisha tena. Utapata jumla ileile.

Kwamba jumla haiendi mbali sana si jambo la kushangaza. Nukta ikiusogelea upande mmoja, lazima iwe imejitenga na angalau upande mwingine mmoja, kwa hiyo kipimo kimoja kinapungua huku kingine kikiongezeka. Cha kushangaza ni usawa wa hesabu yenyewe. Nukta ikiukaribia upande mmoja kwa milimita 7, pande mbili zilizobaki zitakuwa zimeongezewa umbali ambao kwa pamoja ni milimita 7 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Hakuna sehemu ndani ya pembetatu hiyo inayokwepa sheria hii, hata kwenye vipembe vyake vyembamba kabisa.

Jumla yenyewe pia ina jina. Ni kimo cha pembetatu, yaani urefu wa mstari unaoshuka wima kutoka ncha moja hadi upande unaoikabili. Wanahisabati huiita kanuni ya Viviani. Uthibitisho wake hauhitaji zaidi ya fomula moja ya darasani ya kutafuta eneo, na ndani ya uthibitisho huo ndimo tunamoona kwa nini pembetatu za aina nyingine haziwezi kufanya hivyo.

Kwa penseli na rula

Tuanze kwa kuchora. Piga mstari wa sentimeta 10, mwisho wake mmoja uite A na wa pili B. Fungua bikari hadi sentimeta 10, iweke sindano kwenye A na uchore tao upande wa juu. Bila kubadili upana wa bikari, ihamishie kwenye B na uchore tao la pili. Pale matao yanapokatana ndipo C. Unganisha A na C, kisha B na C, na pembetatu yako iko tayari, kila upande ukiwa na sentimeta 10.

Kabla ya kupima, tuelewane kuhusu neno umbali. Kutoka nukta moja hadi kwenye upande unaweza kupiga mistari mingi, mingine imelala na mingine imesimama. Umbali tunaouzungumzia ni wa ule mstari mmoja unaoufikia upande kwa pembe ya nyuzi 90, na ndio mfupi kuliko yote. Ili kuupata, tumia kile kipande cha plastiki chenye kona ya nyuzi 90 kinachokaa kwenye mkebe wa hisabati. Laza ukingo wake mmoja juu ya upande wa pembetatu, ukisogeze taratibu hadi ukingo wa pili uguse nukta, kisha soma urefu.

Weka nukta ya kwanza, tuiite P, sentimeta 4 kulia kwa A na sentimeta 3 juu ya mstari AB. Umbali hadi AB ni sentimeta 3.0. Hadi AC rula itasoma karibu sentimeta 2.0, na hadi BC karibu 3.7. Ukijumlisha unapata 8.7. Ukipima kimo cha pembetatu kutoka C hadi AB, nacho kinasoma 8.7.

Sasa hamia kwenye kona ya B. Weka nukta sentimeta 8 kulia kwa A na sentimeta 1 tu juu ya AB. Safari hii vipimo vimeachana sana: 1.0 hadi AB, 1.2 hadi BC, na 6.4 hadi AC. Jumlisha: 8.6.

Imepungua milimita moja. Je, kanuni imevunjika, au ni rula tu haikuona vizuri?

Swali hili ni la haki, na rula haiwezi kulijibu. Kila kipimo tunakikata kwenye milimita iliyo karibu, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kukosea kwa nusu milimita kwenda juu au chini. Vikijumlishwa vitatu, kosa linaweza kufika milimita moja na nusu. Ukipima nukta mia moja utapata 8.6 hapa, 8.7 pale, pengine 8.8, na hutajua kama jumla haibadiliki kweli au inabadilika kidogo kwa namna ambayo macho hayaioni.

Kosa lililo kubwa zaidi hujitambulisha lenyewe. Ukipata 9.0 au 9.1, kagua kwanza kama mistari yako imesimama wima juu ya pande. Mstari ulioinama siku zote ni mrefu kuliko ule wa nyuzi 90. Ukiupinda kwa nyuzi 20 tu, kipimo cha 3.7 kinageuka kuwa 3.9. Kwa hiyo jumla iliyozidi sana mara nyingi ni dalili ya mstari ulioinama, na jumla inayopanda na kushuka kadiri unavyohama huku mistari yote ikiwa wima ni dalili kwamba pande za pembetatu yako hazikulingana tangu mwanzo.

Kwa shaka ile ya milimita moja, tunahitaji hoja badala ya rula.

Uthibitisho

Hoja inasimama juu ya jambo ambalo kila aliyemaliza shule ya msingi amelipitia. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Kitako kinaweza kuwa upande wowote utakaouchagua, na kimo ni umbali wa wima kutoka kwenye upande huo hadi ncha inayoukabili.

Rudi kwenye nukta P. Piga mstari kutoka P hadi A, mwingine hadi B, na wa tatu hadi C. Pembetatu kubwa sasa imegawanyika katika pembetatu ndogo tatu: PAB, PBC na PCA. Hazipandani, na hakuna pengo kati yake. Kwa hiyo maeneo yao matatu yakijumlishwa yanatoa eneo la pembetatu kubwa, bila ziada wala upungufu.

Itazame moja kati yao, PAB. Kitako chake ni AB, ambao ni upande mzima wa pembetatu kubwa. Kimo chake ni umbali wa wima kutoka P hadi AB, yaani kile kipimo cha kwanza tulichopima kwa rula. Hali ni hiyohiyo kwa PBC na PCA. Kila pembetatu ndogo imechukua upande mmoja wa ile kubwa kuwa kitako chake, na kila kimo chake ni mmoja wa ule umbali tunaoutafuta.

Tuupe upande wa pembetatu jina u, kimo cha pembetatu kubwa k, na vipimo vyetu vitatu x, y na z. Maeneo yanasema hivi:

½ × u × x + ½ × u × y + ½ × u × z = ½ × u × k

Upande wa kushoto, kila fungu lina ½ × u. Tunaitoa nje ya mabano:

½ × u × (x + y + z) = ½ × u × k

Pande zote mbili sasa zina kizidisho kilekile. Gawanya kila upande kwa ½ × u, kinabaki hiki:

x + y + z = k

Uthibitisho umekwisha. Hatukuuliza P iko wapi. Tulichohitaji ni kwamba iko ndani. Kwa hiyo matokeo yanahusu nukta zote za ndani kwa mpigo mmoja, na ile shaka ya milimita haina pa kusimama tena.

Tunaweza sasa kurudi kwenye namba zetu kwa jicho kali zaidi. Kimo kinagawa kitako katikati, kwa hiyo kanuni ya Paithagorasi inatupa k × k = 100 − 25 = 75, na kimo ni sentimeta 8.66. Kwa nukta ya kwanza, vipimo visivyokatwa sana ni 3.00, 1.96 na 3.70. Jumla ni 8.66. Kwa nukta ya kona ni 1.00, 1.23 na 6.43, jumla 8.66. Rula ilisoma 8.7 na 8.6 kwa sababu thamani halisi ilikuwa kati yao.

Unaweza pia kuitazama nukta ikiteleza hadi kwenye ncha C yenyewe. Pale umbali hadi AC ni sifuri, hadi BC ni sifuri, na kilichobaki ni umbali hadi AB, ambao ndio kimo. Jumla iliyokuwa imegawanyika katika vipande vitatu imekusanyika yote katika kipande kimoja. Kumbuka jambo hili la ncha, maana litatufaa muda si mrefu.

Aliyeipa jina lake

Vincenzo Viviani alizaliwa Firenze, Italia, mwaka 1622. Mwaka 1639, akiwa kijana wa miaka 17, alikwenda kuishi na Galileo huko Arcetri, nje kidogo ya mji huo. Galileo alikuwa mzee, kipofu, na amefungiwa nyumbani kwa amri ya baraza la Kanisa. Viviani alikuwa msaidizi na mwanafunzi wake mpaka mzee huyo alipofariki Januari 1642.

Kanuni yetu imo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1659, na kitabu hicho kina kisa chake. Apolonio wa Perga, mwanahisabati wa Kiyunani wa kale, aliandika vitabu vinane kuhusu mikunjo inayopatikana kwa kukata pia. Vinne vya mwanzo vilibaki kwa Kiyunani, lakini Wazungu wa zama za Viviani hawakuwa na kitabu cha tano, kilichohusu mistari mirefu kabisa na mifupi kabisa inayoweza kupigwa kutoka nukta hadi mkunjo. Viviani alijaribu kukijenga upya kwa kufikiri tu: kwa kuwa Apolonio alikuwa amefikia hapa, lazima aliendelea pale.

Kumbe kitabu hicho hakikuwa kimepotea. Kilikuwa kimehifadhiwa kwa Kiarabu, na nakala yake ilikuwa palepale Firenze. Viviani hakukijua Kiarabu. Aliwahi kutoa kazi yake mwaka 1659, na tafsiri ya Kilatini kutoka kwenye Kiarabu ikachapishwa mwaka 1661. Katika kitabu kinachohusu vipimo vinavyofikia kilele na vinavyoshuka hadi chini kabisa, ndimo ilimo kanuni hii ya jumla isiyopanda wala kushuka.

Pande zisipolingana

Rudi kwenye uthibitisho na uutafute mstari mmoja ambao kila kitu kinauegemea. Ni pale tulipotoa ½ × u nje ya mabano. Tuliweza kufanya hivyo kwa sababu vitako vyote vitatu vilikuwa na urefu mmoja. Pande zikitofautiana, hakuna cha kutoa nje, na hoja inakwama hapo.

Lakini hoja kukwama si sawa na kanuni kuwa ya uongo. Pengine ipo njia nyingine ya kuithibitisha kwa pembetatu zote? Hebu tuijaribu pembetatu ambayo mafundi ujenzi huitumia kila siku kupata kona ya nyumba: yenye pande za mita 3, 4 na 5. Kona kati ya upande wa 3 na wa 4 ni ya nyuzi 90, na eneo lake ni mita za mraba 6.

Simama kwenye kona hiyo ya nyuzi 90. Umbali hadi upande wa 3 ni sifuri, hadi upande wa 4 ni sifuri. Umbali hadi upande wa 5 tunaupata kwenye eneo: nusu ya 5 mara kimo ni 6, kwa hiyo kimo ni mita 2.4. Jumla ni 2.4. Nenda kwenye ncha ambapo upande wa 3 na wa 5 vinakutana. Sasa kilichobaki ni umbali hadi upande wa 4, nao ni mita 3. Jumla ni 3. Kwenye ncha ya tatu, jumla ni 4. Tumetembea kona tatu tu na tumepata jumla tatu tofauti.

Njia hii ya kutembea kwenye ncha inatupa zaidi ya mfano mmoja. Katika pembetatu yoyote, jumla kwenye ncha ni kimo kinachoshuka kutoka ncha hiyo. Kwa hiyo ikiwa jumla ni ileile kila mahali, vimo vyote vitatu lazima vilingane. Na kwa kuwa nusu ya upande mara kimo chake hutoa eneo lilelile, upande wowote uuchague, vimo vikilingana pande nazo lazima zilingane. Maana yake, kanuni ya Viviani inakwenda pande zote mbili: pembetatu yenye pande sawa ina jumla isiyobadilika, na pembetatu yenye jumla isiyobadilika lazima iwe na pande sawa. Hakuna nyingine.

Hata hivyo ile pembetatu ya 3, 4 na 5 haikukosa utaratibu. Maeneo bado yanajumlishwa vilevile, ila kila umbali unabaki umeshikamana na urefu wa upande wake. Ukizidisha kila umbali kwa upande unaohusika kisha ukajumlisha, unapata mara mbili ya eneo, ambayo ni 12. Jaribu nukta iliyo mita 1 kutoka kila upande wa kona ile ya nyuzi 90. Umbali wake hadi upande wa 5 nao ni mita 1. Basi 3 × 1 + 4 × 1 + 5 × 1 = 12. Jaribu nyingine, iliyo mita 2 kutoka upande wa 3 na nusu mita kutoka upande wa 4. Hadi upande wa 5 ni mita 0.8, na hesabu ni 3 × 2 + 4 × 0.5 + 5 × 0.8 = 6 + 2 + 4 = 12. Jumla ya umbali mtupu ilikuwa 3 kwa nukta ya kwanza na 3.3 kwa ya pili, lakini jumla iliyopimwa kwa uzito wa pande haikutikisika. Kwa pembetatu yenye pande sawa, uzito ni mmoja kwa wote, ndiyo maana tunaweza kuusahau.

Nukta ikitoka nje

Ndani ni sharti, na ni rahisi kuona kinachotokea likivunjwa. Katika pembetatu yetu ya sentimeta 10, weka nukta sentimeta 1 chini ya katikati ya AB, nje ya pembetatu. Umbali hadi AB ni 1.00, hadi AC ni 4.83, na hadi BC ni 4.83. Jumla ni 10.66, sentimeta 2 zaidi ya kimo.

Kilichobadilika ni namna maeneo yanavyopangana. Pembetatu PBC na PCA kwa pamoja sasa zinafunika pembetatu kubwa na kumwagika hadi chini ya AB. Kilichomwagika ni PAB. Ili kupata eneo la pembetatu kubwa, PAB inatakiwa kutolewa badala ya kujumlishwa. Kwa hiyo 4.83 + 4.83 − 1.00 = 8.66, na kimo kimerudi. Ukikubali kwamba umbali wa upande uliovukwa uhesabiwe kuwa hasi, kanuni inafanya kazi hata nje ya pembetatu.

Pembetatu ya udongo

Wataalamu wa udongo wanaitumia kanuni hii karibu kila siku. Udongo wa shamba, ukiacha mawe na mboji, una chembe za ukubwa wa aina tatu. Mchanga una chembe za kuanzia milimita 0.05 hadi 2. Tope laini lina chembe za kati ya milimita 0.002 na 0.05. Mfinyanzi una chembe ndogo kuliko milimita 0.002. Asilimia za aina hizo tatu lazima zifikie 100, na mchanganyiko wake ndio unaoamua kama udongo ni kichanga, tifutifu au mfinyanzi.

Je, unachoraje vipimo vitatu kwenye karatasi bapa? Chora pembetatu yenye pande sawa, upande ukiwa sentimeta 11.5. Kimo chake kitakuwa karibu sentimeta 10 kamili, yaani milimita 100, na kila milimita itasimama badala ya asilimia moja. Ncha ya juu ipe mfinyanzi, ya kushoto mchanga, ya kulia tope laini. Upande unaoikabili kila ncha ni sifuri ya kitu hicho, na kadiri nukta inavyojitenga na upande huo ndivyo asilimia ya kitu hicho inavyopanda.

Tuchukue mfano. Mkulima amechekecha udongo mkavu, akajaza theluthi ya chupa ya kioo, akaongeza maji na sabuni ya unga kidogo, akatikisa vizuri na kuiweka mahali pasipo na mtikisiko. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja hivi, na hapo anaweka alama. Baada ya saa mbili hivi tope laini limetua, anaweka alama ya pili. Mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Mwisho wake amepima tabaka za milimita 32, 32 na 16, jumla 80. Kwa asilimia ni mchanga 40, tope laini 40, mfinyanzi 20. Ni makadirio tu, kwa kuwa mfinyanzi huvimba ndani ya maji, lakini yanatosha kuanzia.

Kwenye mchoro, piga mstari sambamba na kitako, milimita 20 juu yake. Kila nukta juu ya mstari huo ina mfinyanzi asilimia 20. Kisha piga mstari sambamba na upande unaoikabili ncha ya mchanga, milimita 40 kutoka kwenye upande huo. Mistari miwili inakatana mahali pamoja. Pima umbali kutoka hapo hadi upande wa tatu: milimita 40. Hukuutafuta, umejileta. Kwa kuwa kimo ni 100, na 20 na 40 zimeshatumika, kanuni ya Viviani haikuacha nafasi ya namba nyingine yoyote. Katika mgawanyo wa aina 12 unaotumiwa na wizara ya kilimo ya Marekani na kunakiliwa katika vitabu vingi vya kilimo, nukta hiyo inaangukia kwenye eneo la tifutifu.

Wanaojifunza kusoma mchoro huu hukosea mara nyingi mahali pamoja. Namba zimeandikwa kandoni mwa pande, na kila kando ina namba za kitu kimoja. Msomaji hufuata mstari unaokwenda upande usio wake, akasoma tope laini kuwa 60 badala ya 40. Dawa ni kujumlisha: 40 na 60 na 20 ni 120. Usomaji sahihi wa nukta yoyote ndani ya pembetatu hiyo lazima utoe 100, na usipotoa 100 ujue umefuata mstari usio wenyewe.

Zoezi kwa msomaji

Uthibitisho wetu ulitegemea vitako kuwa na urefu mmoja. Idadi ya pande haikuhusika. Kwa hiyo chora umbo la pande sita zilizo sawa na pembe zilizo sawa, kila upande ukiwa sentimeta 6. Weka nukta ndani, iunganishe na ncha zote sita, na uandike maeneo ya pembetatu sita zinazopatikana. Kila moja ina kitako cha sentimeta 6. Gawanya eneo la umbo zima, ambalo ni karibu sentimeta za mraba 93.5, kwa nusu ya 6. Jibu ni karibu sentimeta 31.2, na hiyo ndiyo jumla ya umbali hadi pande zote sita, popote utakapoiweka nukta yako. Pima uhakikishe, ila ukipata 31.0 au 31.4 usiilaumu kanuni, ni rula.